Kupunguza majina kwenye simu ya duka: nani abaki, nani aende kabatini, nani afutwe

Mwongozo huu ni wa mwenye duka ambaye simu yake ndiyo daftari la wateja. Tuchukue mfano wa duka la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ambalo simu yake imebeba majina 1,900 yaliyorundikana kwa miaka kumi na zaidi. Humo kuna "Mama Neema Mtwara", "Mama Neema 2", "Mama Neema mpya", "Jean Lubumbashi", "Kamati harusi Mbezi", "Bajaji", "Bajaji mzuri", "Salma", "Salma yule", "Usipokee" na "Mzee wa deni". Mwenye duka anajua nusu ya watu hao ni akina nani. Nusu nyingine anasema ataikumbuka wakipiga.

Kinachomsumbua si nafasi ya simu, kwa sababu majina hayali nafasi ya maana. Ni matangazo. Mzigo mpya ukifika anapiga picha za majora na kuzirusha WhatsApp, na orodha moja ya matangazo kule inabeba watu 256 tu. Majina 1,900 yangehitaji orodha nane, na hakuna anayejaza orodha nane kila mzigo ukiingia. Anachofanya ni kuchagua majina haraka haraka, wale wanaoanza na A na M wanapata picha kila mara, na mteja mkubwa aliyeandikwa "Zuhura Tunduma" anasikia habari za mzigo ulipokwisha. Basi lichukulie zoezi lote kama kugawa viti 256. Swali kwa kila jina ni kama mtu huyu anastahili kiti, na kama hastahili, je, bado una sababu ya kujua namba yake?

Kwanza: toa nakala, na ujue majina yanakaa wapi

Usifute hata jina moja kabla ya hatua hii. Kwenye simu nyingi za Android majina yanakaa sehemu tatu kwa wakati mmoja: kwenye laini, kwenye simu yenyewe, na kwenye akaunti ya Google. Ndiyo maana mtu mmoja anaonekana mara tatu. Tofauti kubwa inajitokeza unapofuta. Jina lililofutwa kwenye akaunti ya Google linakwenda sehemu inayoitwa `Trash` na linakaa humo siku 30, kwa hiyo ukijuta unalirudisha. Jina lililofutwa kwenye laini limekwenda moja kwa moja.

Kwa hiyo anza kwa kuyahamisha ya kwenye laini na ya kwenye simu yaingie akaunti ya Google. Programu ya majina kwenye simu ina sehemu ya kuingiza majina kutoka kwenye laini. Kisha fungua `contacts.google.com` kwenye kompyuta, hata ya kukodi kwa nusu saa pale stesheneri (ila kumbuka kutoka kwenye akaunti ukimaliza), bonyeza `Export`, chagua `Google CSV`, na faili utakalopata ujitumie kwa barua pepe. Hilo ndilo daftari lako la akiba. Usiliguse tena. Kazi utaifanya kwenye nakala yake.

Pili: sawazisha namba kabla ya kuangalia majina

Watu wengi huanza kwa kusoma majina, wakachoka wakifika C. Anza na namba, kwa sababu namba haidanganyi kama jina. Mama Neema mmoja anaweza kuwa amehifadhiwa kama 0754 xxx 318, kama 255754 xxx 318 na kama +255 754 xxx 318. Simu inaweza kuwaona hao kuwa watu watatu.

Fungua nakala ya faili kwa Google Sheets, na hapa angalia sana. Jedwali likiachiwa lijiamulie, litaichukua namba kama hesabu: sifuri ya mbele inapotea, na namba ndefu huenda ikageuka kuwa kitu kama 2.55754E+11. Wakati wa kuingiza faili, ondoa tiki kwenye `Convert text to numbers, dates, and formulas`. Ukiona 754 bila sifuri, au herufi E katikati ya namba, acha, futa jedwali hilo na uingize faili upya.

Namba za Tanzania zina tarakimu tisa baada ya 255, na za Kongo baada ya 243 na Zambia baada ya 260 ni vivyo hivyo. Kwa hiyo tarakimu tisa za mwisho zinatosha kumtambua mtu. Kama namba ziko safu ya B, weka hii safu ya C:

```
=RIGHT(REGEXREPLACE(TO_TEXT(B2),"[^0-9]",""),9)
```

Na safu ya D iseme namba hiyo imejirudia mara ngapi:

```
=COUNTIF(C:C,C2)
```

Ziburute hadi mwisho. Panga jedwali kwa safu ya C, na pacha wote watakaa pamoja. Kwenye duka letu la mfano, majina 310 yalikuwa marudio matupu. Unapounganisha, bakiza jina lenye habari nyingi zaidi, si jina zuri zaidi. "Mama Neema Mtwara" linashinda "Mama Neema mpya", kwa sababu la kwanza linakwambia mzigo unakwenda wapi. Namba inayobaki iandikwe kwa +255. Mteja wa Lubumbashi iwe +243 na wa Ndola +260, la sivyo WhatsApp haitamwona.

Baada ya hapo toa wasio wateja. Ndugu, majirani, mafundi, bodaboda, mwalimu wa mtoto: wape lebo yao na usiwahukumu leo. Kupima biashara na shangazi kwa kipimo kimoja kunaleta ugomvi usio na faida. Hapa majina 400 yaliwekwa pembeni, na mezani wakabaki wateja 1,190.

Tatu: mpime kila mteja kwa mwendo wake mwenyewe

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanaweka sheria moja: asiyenunua kwa miezi sita, nje. Kwa duka la vitenge, sheria hiyo inawatoa wateja wazuri kuliko wote.

Mchukue Mama Neema wa Mtwara. Kule fedha inaingia korosho zikiuzwa, na minada huanza Oktoba. Huyu anakuja Novemba au Desemba, anabeba majora, anaondoka. Ukimwangalia Julai, ana zaidi ya miezi sita hajasema neno, na wala hana tatizo lolote. Jean wa Lubumbashi anakuja mara tatu kwa mwaka, kwa hiyo ukimya wa miezi minne ni kawaida yake. Lakini fundi cherehani wa Mbagala ambaye alikuwa anachukua pisi tatu kila wiki, akinyamaza miezi miwili, amepata duka jingine.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: tafuta pengo la kawaida la mteja kati ya manunuzi mawili, lizidishe mara mbili. Akinyamaza zaidi ya hapo, anapoteza kiti. Mama Neema ananunua mara moja kwa mwaka, basi anapewa miaka miwili. Jean anapewa miezi minane. Fundi wa Mbagala, kwa haki kabisa, anapewa wiki mbili, ila kwa kuwa watu huumwa na kusafiri, mpe mwezi.

Tarehe ya mwisho ya kununua utaipata wapi? Daftari la mauzo kama unalo. Kama hunalo, tafuta jina lake kwenye meseji za miamala ya simu, au fungua mazungumzo yenu ya WhatsApp uone picha ya mwisho aliyoijibu "hii niwekee". Kumbuka kuangalia alinunua lini, si mlisalimiana lini. Kuna watu wanatuma "Ijumaa Karim" kila wiki na hawajanunua tangu duka lifunguliwe.

Kwenye jedwali ongeza safu tatu tu: mara ya mwisho kununua, deni, na anakotoka. Ya deni iwe na "ndiyo" au "hapana", na hapa ingiza pia waliochukua mali kauli wakaondoka na ahadi. Mwenye deni hafutwi, hata awe amenyamaza miaka mitano. Kufuta jina lake ni kumsaidia, maana siku akipiga kwa namba ileile hutamjua.

Kuna kundi moja linahitaji akili kidogo, nalo ni kamati za harusi. "Kamati harusi Mbezi" ilinunua sare za watu themanini kwa siku moja, na harusi haitarudiwa. Kwa kipimo cha mwendo hana mwendo. Lakini aliyekuwa anapiga simu kwa niaba ya kamati, mara nyingi ni yuleyule anayeshughulikia sare kwenye kila sherehe ya ukoo. Mpigie umuulize jina lake halisi, mbadilishe kutoka "Kamati" awe mtu, na mpe kiti kwa mwaka mmoja.

Nne: hakikisha namba bado ni yake

Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba ikaja kuuzwa kwa mtu mwingine. Tanzania kuna tarehe moja ya kukumbuka hasa: 20 Januari 2020, mwisho wa muda uliowekwa wa kusajili laini kwa alama za vidole, na laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Namba uliyoihifadhi kabla ya hapo, na hujawahi kuzungumza nayo tangu hapo, ichukulie kuwa ya mtu usiyemjua mpaka uthibitishe.

Njia rahisi ni ile watu wanayoitumia kila siku bila kuiita njia. Ingia kwenye huduma ya fedha ya simu kana kwamba unamtumia hela, weka namba yake na kiasi kidogo. Kabla ya kuombwa namba ya siri ya kukamilisha, jina la mwenye laini linatokea. Lisome, kisha ghairi. Usiweke namba ya siri. Kama namba ni ya mtandao mwingine na jina halitokei, huenda mwenyewe amehama mtandao. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama na namba yake, kwa hiyo mwanzo wa 075 au 071 si ushahidi wa mtandao aliopo.

Jina tofauti nalo ni dalili tu. Laini nyingi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mume, dada au kijana wa nyumbani. Ukimtafuta Mama Neema ukaona jina la mwanamume wa ukoo unaoufahamu, pengine ni mumewe. Ukiona jina lisilokukumbusha chochote, piga.

Ukipiga, sikiliza vizuri anachosema yule dada wa kwenye mashine. Akisema mteja hapatikani kwa sasa, maana yake simu imezimwa au hana mtandao, na hilo halimuui mtu. Jaribu siku nyingine, saa nyingine. Akisema namba hiyo haipo au haitumiki, hiyo imekufa. Tiki moja ya WhatsApp usiitegemee kabisa. Mteja anaweza kuwa hana bando, amekublok, au hajahifadhi namba yako. Tangazo la orodha halimfikii mtu ambaye hana namba yako kwenye simu yake. Huyo wa mwisho si namba mbovu. Ni mteja ambaye angeombwa tu akuseve.

Wasiopokea watumie ujumbe mfupi wa kawaida, kama huu:

"Habari za leo. Hapa ni duka la vitenge, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Tunasahihisha namba za wateja wetu. Kama uliwahi kununua kwetu, tafadhali tujibu jina lako na mahali ulipo. Kama hatufahamiani, samahani kwa usumbufu."

Angalia kisichokuwemo: hakuna jina la mteja, hakuna deni, hakuna bei, hakuna namba ya kulipia. Namba ambayo hujaithibitisha inaweza kuwa mkononi mwa yeyote, na ukimwandikia "Mama Neema, ile laki mbili vipi" umempa mgeni jina, kiasi na sababu ya kujifanya Mama Neema. Pia watu wamechoshwa na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na ujumbe wowote unaotaja pesa kutoka namba ngeni utafutwa kabla haujasomwa.

Mtu mzima ni vizuri kumpigia kuliko kumwandikia. "Shikamoo mama, ni mimi wa vitenge Kariakoo." Mara nyingi jibu linakuja na habari usiyoitegemea: "Marahaba mwanangu, mimi duka nimemwachia binti yangu, ngoja nikupe namba yake." Hapo umetoa kiti kimoja na kukipa mtu anayenunua kweli.

Tano: kabati

Kabati ni kwa mtu ambaye hapati matangazo, lakini namba yake bado ina maana. Wanaoingia ni walionyamaza kupita kipimo chao, wenye deni ambao hawanunui tena, wauzaji wa jumla uliowahi kuchukua kwao, na wateja waliohama mji.

Kuliweka jina kabatini si kubonyeza `Archive` ya WhatsApp. Ile inaficha mazungumzo tu, na mtu anabaki kwenye orodha ya matangazo kama zamani. Fanya mambo mawili: mtoe kwenye orodha ya matangazo kwa mkono, kisha ubadilishe jina lake lianze na "zz". "zz Hamisi Songea jora 2021" linashuka mwisho wa orodha, halikusumbui unapotafuta, na siku Hamisi akipiga simu inakuonyesha ni nani, wa wapi, alinunua nini na lini. Wapo wanaopenda kuhamisha kabati lote kwenye jedwali na kufuta kwenye simu. Mimi sikubaliani nao. Mteja wa zamani akirudi anarudi kwa kupiga, na ukimpokea kwa "nani mwenzangu?" umeshaharibu nusu ya mauzo.

Duka la mfano liliweka 560 kabatini.

Sita: kufuta

Baada ya hayo yote, kufuta ni kazi ndogo. Zinafutwa namba zilizokufa, namba zilizopata mwenyewe mpya, na majina kama "Salma yule" ambaye hana muamala, hana mazungumzo, hana deni, na hakuna mtu dukani anayemjua. Waulize vijana wa duka kabla, kwa kuwa Salma wa bosi huwa ni mteja wa kijana. Hapa zilifutwa 420, na waliobaki hai wakawa 210. Wanaingia kwenye orodha moja ya matangazo na viti 46 vinabaki kwa wapya.

Watu wa aina tatu hawafutwi ingawa mkono unakusukuma. Wa kwanza ni tapeli. "Usipokee" abaki na jina lake, umblok, maana ukimfuta atakuwa namba ngeni na utapokea. Wa pili ni aliyekuambia usimtumie tena matangazo. Ukimfuta, siku utakaporudisha faili la zamani au kijana akaingiza namba kutoka daftari, atarudi kwenye orodha bila mtu kujua. Mwandike "zz USITUME" mbele ya jina, umwache hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara, kwa hiyo hili si suala la hisani tu.

Wa tatu ni marehemu. Mtoe kwenye matangazo siku hiyohiyo uliyosikia msiba, kwa sababu simu yake mara nyingi inabaki kwa mke au mtoto, na picha za sare za sherehe zikiingia humo wiki ya matanga zinaumiza. Jina usilifute haraka. Kama kulikuwa na mali kauli, atakayekuja kuzungumza nawe, awe analipa au anadai, atapiga kwa namba hiyo.

Saba: siku thelathini za kwanza

Futa mwanzoni mwa mwezi tulivu, si wiki ya kuelekea Idi au Krismasi. Kwa siku 30 zinazofuata kila namba isiyo na jina inayopiga, itafute kwenye lile faili la akiba kabla hujaihifadhi upya. Ikiwemo, irudishe kutoka `Trash` na uandike sababu ya kuirudisha. Wakirudi wawili watatu ni kawaida. Wakirudi wengi kutoka sehemu moja, tuseme wote wa Songea, kipimo chako cha mwendo kwa wateja wa huko kilikuwa kifupi, na hapo pitia pia waliopo kabatini kutoka mkoa huo.

Namba mpya kuanzia sasa ziandikwe kwa mpangilio mmoja: jina, mahali, anachonunua, mwaka. "Zuhura Tunduma majora 2025". Kijana wa duka akiandika "Mteja mpya", mrudishie simu pale pale aandike upya, mteja angali mbele yake.